Mpenzi anayetaka kujua uko wapi kila dakika kumi

Mzazi wa Nairobi akishuku kwamba binti yake anateswa na mpenzi, kitu cha kwanza anachotafuta ni alama mwilini: jicho lililovimba, mikwaruzo shingoni, mkono usionyooka. Mara nyingi haoni kitu, basi anatulia. Lakini ni nadra mambo kuanza na kofi. Kijana anayempiga mpenzi wake kwa kawaida ametumia wiki au miezi akimwekea masharti, na siku anayopiga ni siku sharti limevunjwa. Anayetaka kuwahi kabla ya siku hiyo inabidi ajue kuyatambua masharti yenyewe, na kwa vijana wa sasa mengi yamo ndani ya simu.

Tutumie mfano mmoja. Si kisa cha mtu fulani, tumeuunganisha kutokana na mambo yanayojirudia. Zawadi ana miaka 17, yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa huko Kayole. Brayo ana miaka 19, ni makanga wa matatu anayopanda Zawadi kwenda shule. Mwanzo ulikuwa mtamu: kiti cha mbele bila nauli, bando la data kila jioni, mia mbili kwenye M-Pesa siku ya kusuka nywele. Wiki chache baadaye Brayo akaomba neno la siri la Instagram, akisema wapendanao hawafichani. Zawadi akampa, tena akajisikia anapendwa.

Kisha yakaja maswali. Uko wapi? Uko na nani? Nitumie picha nione. Asipojibu kwa dakika kumi anapigiwa simu mfululizo, na akipokea anatukanwa. Rafiki yake wa tangu darasa la nne akasemwa kuwa ni malaya anayemfundisha tabia mbaya. Zawadi akaacha kutembea naye. Mvulana waliyekuwa wakifanya naye hesabu akafutwa kwenye simu. Akaacha kwaya, kwa sababu mazoezi ya Jumamosi yalileta kelele. Hakuna mtu aliyemkataza kwaya kwa maneno. Alipiga hesabu mwenyewe, akaona kelele zake ni ghali kuliko wimbo.

Hapo ndipo pa kuangalia. Wivu wa kawaida upo kwa kila kijana anayependa kwa mara ya kwanza, na si kila anayenuna ni mkatili. Tofauti haiko kwenye ukubwa wa hasira, iko kwenye kinachotokea msichana akisema hapana. Katika uhusiano wa kawaida, Zawadi akisema "leo siji, nina mtihani", Brayo ataudhika, watazozana, kesho yake yataisha, na Zawadi atakuwa amefanya mtihani wake. Katika uhusiano wa kudhibitiwa, ile hapana ina bei: siku mbili za kununiwa, kutishiwa kuachwa, picha zake kutajwa tajwa, au Brayo kusema atakunywa sumu. Akishailipa bei hiyo mara tatu au nne, haisemi tena. Ukiuliza kama wanagombana, atakujibu kwa ukweli kabisa kwamba siku hizi hawagombani.

Jambo la pili la kuangalia ni kama masharti yanaelekea upande mmoja. Brayo ana neno la siri la Zawadi, Zawadi hana la Brayo. Brayo ana marafiki wa kike stejini, Zawadi hana ruhusa ya kumsalimia jirani wa kiume. Jinsia inaweza kugeuka. Wapo wavulana wanaodhibitiwa na wasichana, wanaopigwa, wanaotishiwa kusingiziwa mimba, na hao hupata taabu zaidi kusema kwa sababu wanachekwa. Vipimo ni vilevile.

Simu inavyotumika

Watu wazima wengi wanadhani kudhibitiwa kwa simu kunahitaji utaalamu wa kompyuta. La. Inatosha Brayo kuishika simu ya Zawadi kwa dakika moja ikiwa imefunguliwa. Anaingia WhatsApp, anafungua Linked devices, anaiunganisha na simu au kompyuta nyingine, na tangu hapo anasoma karibu kila ujumbe bila kuigusa simu tena. Katika Google Maps kuna Location sharing, inayoweza kuachwa wazi bila kikomo cha muda ikaonyesha alipo usiku na mchana. Snapchat nayo ina ramani yake. Na ikiwa ni Brayo aliyemfungulia akaunti ya Google siku ya kununua simu, basi neno la siri la barua pepe analo, na barua pepe ndiyo inayorudisha maneno ya siri ya mambo mengine yote.

Kwa hiyo Zawadi akikuambia "anajua vitu sijamwambia mtu", usimwone mshirikina. Chukua maneno yake kama yalivyo.

Kuangalia ni rahisi. Linked devices inaonyesha kila kifaa kilichounganishwa na lini kilitumika mara ya mwisho. Ukurasa wa usalama wa akaunti ya Google unaonyesha simu zote zilizoingia. Location sharing inaonyesha jina la anayetazama. Tatizo haliko kwenye kuangalia, liko kwenye kufuta. Ukikata kiunganishi saa mbili usiku, Brayo anaona papo hapo kwamba mlango umefungwa, na kesho asubuhi Zawadi anapanda matatu yake. Usizime chochote kabla ya kujua atalala wapi na atapita njia gani siku inayofuata. Mpaka hapo, mazungumzo ya kutafuta msaada yafanyike kwenye simu ya mtu mwingine: ya shangazi, ya mwalimu, ya jirani.

M-Pesa nayo ni kamba. Zile mia mbili za nywele baadaye huitwa deni, na kijana anayejua PIN ya mwenzake anaona kila aliyemtumia pesa. Wapo hata wanaosumbua kupitia muamala wa shilingi chache baada ya namba kuzuiwa, kwa sababu simu inayozuiwa kupiga haizuiwi kutuma hela. Ukiona shilingi tano tano zinaingia usiku kutoka kwa mtu mmoja, huyo bado hajakubali kuachwa.

Kwa nini hasemi

Zawadi haogopi Brayo peke yake. Anaogopa baba atampiga kwa kuwa na mpenzi, mama atasema "nilikuambia", shule itamfukuza, na watu wa ploti watajua. Anaogopa pia picha mbili za utupu alizomtumia Brayo mwezi wa kwanza wa mapenzi yao. Halafu kuna jambo ambalo wasaidizi huliruka: bado anampenda. Brayo akishapiga hulia, huomba msamaha, humnunulia viatu, na wiki inayofuata anakuwa yule wa mwanzo. Zawadi hamtaki Brayo anayepiga, anamngoja yule wa wiki ya kwanza. Ukimwita Brayo mnyama, unamlazimisha Zawadi amtetee, na mazungumzo yameisha hapo.

Makosa ya nyumbani yanafanana. Mzazi ananyang'anya simu, anamfungia binti ndani, anampigia Brayo kumtukana, au anaita wazee na mchungaji wamsemeshe binti mbele ya watu. Simu ikichukuliwa, Zawadi ameondolewa njia ya kuomba msaada, na Brayo asiyejibiwa anakuja mwenyewe hadi langoni. Akifungiwa ndani, anajifunza kwamba nyumbani na kwa Brayo amri ni zilezile, ila kwa Brayo angalau kuna viatu. Na Brayo akitukanwa kwenye simu, anayelipa ni Zawadi.

Mazungumzo ya kwanza yafanywe na mtu mmoja, mahali pasipo na masikio, na ikiwezekana mikono iwe na kazi. Shangazi anayechambua sukuma na Zawadi jikoni atapata zaidi ya mzazi aliyemketisha kwenye kochi. Aanze na alichokiona, si alichokihukumu: "Nimeona umeacha kwaya, na simu ikilia unashtuka. Nina wasiwasi na wewe." Kisha anyamaze. Zawadi akisema "hakuna kitu, anti", asimfukuze na maswali. Ajibu tu: "Sawa mwanangu. Siku ukitaka kuongea, hata saa nane usiku, sitakupigia kelele na sitamwendea mtu bila kukuambia." Mara nyingi siri hutoka mara ya pili au ya tatu, na hutoka vipande vipande, kile kidogo kwanza ili kupima uso wako.

Asiahidi kutomwambia mtu yeyote kabisa. Zawadi ni mtoto kisheria, na yapo mambo ambayo mtu mzima hawezi kuyakalia. Bora aseme wazi tangu mwanzo: "Ikiwa maisha yako yako hatarini itabidi tuongeze mtu, lakini utajua kabla sijamwambia, na tutachagua pamoja ni nani."

Dalili zisizosubiri

Mambo mengine yanaweza kwenda polepole, kwa kasi ya Zawadi. Haya hayawezi: amekabwa koo, ametishiwa kuuawa, amefuatwa hadi shuleni au nyumbani baada ya kuachana, ameonyeshwa kisu, ni mjamzito, au Brayo anasema atajiua akiachwa. Hilo la mwisho huonekana kama huzuni ya kijana anayestahili kuhurumiwa. Ahurumiwe, ila na watu wake. Apelekwe kwa familia yake na hospitali, si kwa Zawadi. Anayesema hana cha kupoteza ni hatari kwake na kwa anayemwacha.

Kukabwa koo kunadharauliwa kuliko yote, kwa kuwa mara nyingi hakuachi alama. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wanawake waliouawa na wapenzi wao umeonyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mpenzi ana hatari ya kuuawa naye takriban mara saba ya yule ambaye hajawahi. Mwili nao unaweza kuchelewa kuonyesha: mshipa wa shingo ulioumia unaweza kuleta kiharusi saa au hata siku kadhaa baadaye. Uliza kwa maneno ya kawaida, "Aliwahi kukushika shingo?", kwa sababu msichana atakataa neno kunyongwa lakini atakubali kwamba "alinishika tu hapa". Sauti iliyokwaruza, maumivu akimeza, vidoti vyekundu kwenye macho, kuzirai hata kwa sekunde chache, au kujikojolea wakati ule, yote yanamaanisha hospitali siku hiyohiyo, na amweleze daktari wazi kwamba alikabwa.

Ikiwa alilazimishwa kufanya mapenzi, saa ndizo zinazohesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Za kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, ila nguvu yake hupungua kila siku inayopita. Aende hospitali kwanza, polisi baadaye. Si lazima uwe na ripoti ya polisi ndipo utibiwe. Asioge, asifue. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hufungia unyevu na ushahidi huoza. Hapa Nairobi, Hospitali ya Kenyatta, Mama Lucy Kibaki na kituo cha GVRC, cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, cha hospitali ya Nairobi Women's wana wahudumu waliozoea kesi hizi, na GVRC haitozi malipo. Hospitali hujaza fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji. Fomu ya P3, ya kuandika majeraha kwa ajili ya kesi, hutolewa na polisi na kujazwa na mhudumu wa afya, na ukiambiwa uilipie, uliza risiti. Mara nyingi bei hutoweka.

Msaidizi anapaswa pia kuijua sheria kabla ya kwenda kituoni. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, Zawadi akiwa na miaka 17 hawezi kutoa ridhaa, hata kama yeye mwenyewe anasema alikubali. Brayo wa miaka 19 akipatikana na hatia, adhabu iliyoandikwa ni kifungo kisichopungua miaka 15. Wasichana wengi wakilisikia hilo kwa mara ya kwanza mbele ya afisa, hukana kila kitu walichosema. Lielezwe mapema, kwa utulivu, na ikiwezekana kuwe na wakili. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, huwasaidia wanawake na watoto katika mambo haya. Kituoni ulizia dawati la jinsia, udai chumba cha faragha, na uondoke na namba ya OB imeandikwa. Bila namba hiyo, kesho ni kama hukuja.

Siku ya kuondoka

Kuachana ndicho kipindi cha hatari zaidi, kwa hiyo kunapangwa. Kwanza ushahidi: kabla ya kumzuia Brayo popote, jumbe zake zipigwe picha za skrini zikionyesha namba, tarehe na saa, kisha zitumwe kwenye simu ya shangazi. Ukimzuia kwanza na kufuta kwa hasira, hakimu ataletewa neno lako dhidi ya lake.

Kitu kimoja hakitumwi hata kama ushahidi, nacho ni picha za utupu za Zawadi. Ni picha za mtoto, na kuzisambaza ni kosa hata nia ikiwa njema. Ziachwe kwenye simu, afisa aonyeshwe simu yenyewe. Brayo akitishia kuziweka mtandaoni, msimlipe na msimbembeleze, kwa sababu anayelipwa mara moja hurudi. Kwenye takeitdown.ncmec.org, aliyekuwa chini ya miaka 18 wakati picha ilipopigwa anaweza kuiwekea alama ya kidijitali bila picha kutoka kwenye simu yake. Mitandao inayoshiriki huitumia alama hiyo kuitambua na kuiondoa. Haisaidii ndani ya WhatsApp, na ni vyema Zawadi aambiwe hivyo mapema. Kusambaza picha za faragha za mtu ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018, na ujumbe wa kutishia kufanya hivyo una thamani kubwa kituoni.

Pili ni njia. Brayo anajua saa ya shule, steji na matatu, kwa hiyo kwa wiki mbili au tatu za kwanza Zawadi asafiri na mtu, apande gari la sako nyingine, na atoke shule kwa saa isiyo ya kawaida. Mwalimu wa ushauri nasaha aambiwe vya kutosha ili mlinzi wa lango asidanganywe na "mimi ni kaka yake". Jirani mmoja kwenye ploti apewe neno la ishara. "Anti, umeona chaja yangu?" kwenye ujumbe linatosha kumaanisha njoo sasa, hata Brayo akiwa anasoma.

Tatu, neno lenyewe. Liandikwe, liwe fupi, lisiwe na sababu za kujibishana: "Nimeamua tuachane. Usinitafute." Litumwe Zawadi akiwa mahali salama, kwa mfano kwa shangazi Ijumaa jioni. Saa hiyohiyo ndipo vifaa vinakatwa, maneno ya siri yanabadilishwa kuanzia barua pepe, na PIN ya M-Pesa inabadilishwa. Asikubali kikao cha mwisho cha kurudishiana vitu, hata cha dakika tano nyuma ya steji. Viatu na sweta vipelekwe na mtu mwingine, au visamehewe.

Ukikwama, namba 116 ni ya watoto, Childline Kenya, na 1195 ni ya dhuluma za kijinsia. Zote mbili ni bure na hupokelewa usiku na mchana. Shangazi naye anaweza kupiga kuuliza tu afanye nini. Familia inaweza pia kuomba mahakamani amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 ya kukinga dhidi ya dhuluma za kinyumbani, inayogusa hata wapenzi wasioishi pamoja. Ila amri ni karatasi. Inafanya kazi pale polisi wa kituo chenu wanapoijua na nakala yake iko mkononi mwa mwalimu na mlinzi.

Zawadi anaweza kumrudia Brayo, mara moja au zaidi. Likitokea, shangazi asivunje daraja. Aseme "bado niko", ahifadhi zile picha za skrini, na aulize tena kuhusu shingo.

Kuna simu nyingine ambayo hupigwa mara chache, ile ya mama wa Brayo. Ukisoma haya ukamwona mwanao, usianze kwa kumpiga. Hiyo ndiyo lugha anayoijua tayari. Mwambie unachokijua bila kumtaja msichana kama chanzo cha habari, la sivyo atakwenda kumwadhibu. Mtake aondoe simu yake kwenye akaunti za msichana mbele yako, na abadilishiwe njia ya gari kama mwenye matatu anakubali. Kisha mtafutie mwanamume anayemheshimu, asiyewahi kucheka akisikia mwanamke amepigwa, wakutane kila wiki. Akiwa amekwishamkaba mtu koo, hilo limepita kiwango cha mazungumzo ya nyumbani, na kumficha kwa shangazi yake upcountry kunamsogezea tu msichana mwingine.